Mikondo miwili, mbinu mpya moja, majibu matatu: nipeleke lipi kwa msimamizi?

MwlNjiaPanda (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa fizikia, nasoma uzamili wa elimu, niko kwenye kukusanya data. Nimefika mahali pa kukwama na msimamizi wangu namwona wiki ijayo, kwa hiyo naomba mnisaidie kabla sijaenda kuaibika.

Utafiti wangu ni nusu-jaribio kwenye shule moja ya kata, Kidato cha Pili, mikondo miwili. 2A wana wanafunzi 48, 2B wana 46. 2B nimewafundisha mada ya umeme kwa mbinu ya Tabiri-Tazama-Eleza: kabla sijawasha sakiti, kila mtoto anaandika kwenye karatasi glopu ipi itawaka zaidi na kwa nini, anabishana na jirani yake, halafu tunawasha, halafu anaeleza kwa nini alichokiona kimetofautiana na alichokitabiri. 2A wamefundishwa kama kawaida, maelezo ubaoni na mazoezi. Wiki tatu. Mtihani ni ule ule kabla na baada, maswali 25 ya kuchagua, majibu manne kila swali.

Wastani ni huu. Kabla: 2A walipata 11.4, 2B walipata 9.2. Baada: 2A 15.2, 2B 16.1.

Nikilinganisha matokeo ya mwisho peke yake, 2B wamezidi kwa 0.9 tu, na jaribio la t linasema si kitu. Nikilinganisha ongezeko, 2B wamepanda 6.9 na 2A 3.8, tofauti 3.1, na hiyo inaonekana kubwa kweli kweli. Jamaa yangu kanifanyia ankova, ikatoka 2.2. Data ni moja, majibu matatu. Lipi ni la kweli?

---

JembeLaTakwimu

Mkuu usijitese. Madarasa yalianza tofauti, kwa hiyo kulinganisha matokeo ya mwisho peke yake ni makosa, lisahau hilo jibu la 0.9. Tumia ankova, ndiyo inayosawazisha. SPSS ni mistari miwili:

```
UNIANOVA baada BY mkondo WITH kabla
  /DESIGN=kabla mkondo.
```

Ukiona p iko chini ya 0.05, mbinu imefanya kazi, andika sura ya nne uende kwenye mahafali.

---

FundiRedio

Nimesoma kichwa haraka nikadhani ni swali la umeme. Mikondo miwili ni mkondo mnyoofu na mkondo geu, na glopu ya kawaida haijali umeipa upi. Kama glopu mbili zimefungwa mfululizo na zinalingana, zitawaka sawa. Wengi hudhani ya kwanza "inakula" umeme halafu ya pili inapata makombo. Siyo kweli, mkondo unaoingia ndio unaotoka.

---

MwlNjiaPanda

Hahaha mkuu FundiRedio, mikondo ya darasa, A na B. Ila umegusa mle mle: hilo la makombo ndilo kosa ambalo mbinu yangu inalenga kuling'oa. Kabla ya mada, zaidi ya nusu ya watoto wa mikondo yote miwili walisema glopu iliyo karibu na ncha chanya ya betri itawaka zaidi.

---

MzeeWaMizani

Mwalimu, swali lako ni zuri na limewahi kuwatesa watu wakubwa kuliko wewe. Frederic Lord alilitoa mwaka 1967: takwimu zile zile, mchambuzi mmoja analinganisha ongezeko na mwingine anatumia ankova, wanatoka na majibu yanayopingana, na hakuna aliyekosea hesabu.

Tazama namba zako. Ankova inafanya hivi: ndani ya kila darasa, mtoto aliyemzidi mwenzake maksi moja kabla, anamzidi maksi ngapi baada? Nikirudi nyuma kutoka kwenye majibu yako, kwako ni kama 0.6. Madarasa yalitofautiana kwa 2.2, kwa hiyo ankova inatarajia 2B wabaki nyuma kwa 0.6 × 2.2, yaani 1.3. Wao wako mbele kwa 0.9. Jumlisha, unapata 2.2. Anayelinganisha ongezeko anatarajia 2B wabaki nyuma kwa 2.2 nzima, ndiyo maana anapata 3.1. Anayetazama mwisho tu anatarajia pengo liwe sifuri. Kila mmoja ana dhana yake kuhusu pengo hilo lingekuwaje kama usingekanyaga shuleni pale. Hilo ndilo swali lako, na SPSS hailijui jibu lake.

Sasa nijibu mimi. Nani aliamua 2B wapate mbinu mpya, na kwa sababu gani?

---

MwlNjiaPanda

Mkuu wa shule. Nilitaka nirushe shilingi mbele ya mwalimu wa taaluma, mkuu akasema, "Wape B, ndio wanaofeli." Sikuwa na ubavu wa kubishana, kibali chenyewe nilikipata kwa mbinde.

---

MzeeWaMizani

Hapo ndipo pa kuchimba. Kama mkuu aliwaona "wanaofeli" kwa sababu ya mtihani mmoja waliovurunda, basi wangepanda wenyewe mtihani unaofuata hata ungewafundisha kwa kuimba. Darasa likichaguliwa siku liliyoanguka, kesho yake husimama. Lakini kama 2B wamekuwa nyuma ya 2A miaka yote kwa kiasi kile kile, pengo lao ni la kudumu, na yule anayelinganisha ongezeko ana hoja nzito.

Nenda kwa mwalimu wa taaluma, omba matokeo ya fizikia ya mikondo hii miwili tangu Kidato cha Kwanza. Wastani tu, huhitaji majina. Mtihani mmoja wa kabla hauwezi kukwambia kama pengo limetulia au linasogea.

---

Msafiri_Nakuru

Habari wadau, nawasalimu kutoka Kenya. Huku tasnifu nyingi za ualimu wa sayansi hutumia muundo wa Solomon wa makundi manne. Mimi nilitumia shule nne, darasa moja kila shule: mbili zikapata mbinu, mbili hazikupata, na katika kila jozi moja ikafanya mtihani wa kabla na nyingine haikufanya. Hivyo hatukuwa na shida ya makundi kutolingana. Mwenzetu angefanya hivyo mapema angelala usingizi.

---

MzeeWaMizani

Msafiri, muundo huo unaondoa shaka moja tu: kwamba mtihani wa kabla wenyewe uliwaamsha watoto. Kwa mwenzetu shaka hiyo ipo, maana maswali yalikuwa yale yale. Lakini shule zako nne ni shule nne tofauti, na zile mbili ambazo hazikufanya mtihani wa kabla huwezi hata kujua zilianza wapi. Solomon aliufikiria kwa watu waliogawanywa kwa bahati nasibu. Kilichokusaidia kweli ni kwamba ulikuwa na madarasa mawili kila upande, si moja.

---

Msafiri_Nakuru

Sawa mzee, ila jopo langu liliupitisha bila neno. 😄

---

BintiWaPwani

Mimi ni mwalimu, siko kwenye takwimu. Naomba kuuliza kitu ambacho naona wote mmekiruka. Hao wa 2B walipokuwa wanabishana kuhusu glopu, walibishana kwa lugha gani?

---

MwlNjiaPanda

Dada yangu, Kiswahili, ukweli usemwe. Siku ya kwanza niliwaambia wabishane kwa Kiingereza, darasa zima likawa kama msibani. Siku ya pili nikawaachia, kelele zikasikika mpaka ofisini. Mwishoni tunaandika hitimisho kwa Kiingereza ubaoni.

---

BintiWaPwani

Na 2A?

---

MwlNjiaPanda

2A wanafundishwa na mwalimu wa kawaida wa somo. Kiingereza, maelezo ubaoni, wanakopi. Mara moja moja anachomekea Kiswahili.

---

BintiWaPwani

Basi hujajaribu mbinu moja. 2B wamepata kutabiri, wamepata Kiswahili, wamepata glopu na betri za kushika, na wamepata wewe. 2A hawakupata hata kimoja. Mimi nikisoma tasnifu yako halafu nikaenda kutabirisha watoto wangu kwa Kiingereza kwa sababu mkaguzi yuko mlangoni, nikipata msiba ule wa siku ya kwanza nitakulaumu wewe. Shule nyingi za sekondari hapa kwetu mtoto anaijua fizikia ila hana Kiingereza cha kuisemea. Ukimfungua mdomo tu, anapanda, hata kama hakuna mbinu.

---

JembeLaTakwimu

Hapo unamwonea. Mbinu ya majadiliano inahitaji lugha wanayoielewa, kwa hiyo Kiswahili ni sehemu ya mbinu. Hata mtihani ulikuwa wa Kiingereza kwa wote, mizani ni moja.

---

BintiWaPwani

Kama ni sehemu ya mbinu, aiandike kwenye jina la mbinu. Je, kwenye pendekezo la utafiti imeandikwa?

---

MwlNjiaPanda

Haijaandikwa. 😔

---

MzeeWaMizani

Binti ameshika pabaya zaidi kuliko takwimu zote. Mimi naungana naye nusu. Siwezi kusema Kiswahili ni doa, huenda ndicho kilichobeba kazi yote. Lakini lazima sura ya tatu ieleze kipindi cha 2B kilivyokuwa kweli, dakika kwa dakika, lugha ikiwemo, na kipindi cha 2A vivyo hivyo. Watu wengi huandika kurasa sita kuhusu mbinu mpya na mstari mmoja kuhusu "njia ya kawaida", kana kwamba njia ya kawaida ni kitu kimoja nchi nzima.

Na hili la wewe kufundisha 2B na mwenzako kufundisha 2A ndilo linaloniumiza kichwa. Mwalimu na mbinu vimefungwa kamba moja, hakuna programu ya kompyuta itakayovifungua. Vipindi vyako vilikuwa vya muda gani?

---

MwlNjiaPanda

Wote wana vipindi vitatu kwa wiki, dakika 40, viwili vikiwa mfululizo. Muda sikuongeza. Hilo nililisimamia.

---

MzeeWaMizani

Vizuri, hapo wengi huteleza. Wanaingia jioni na kundi lao la jaribio, halafu wanashangaa limefaulu.

Nirudi kwa Jembe na ile p yake. SPSS inahesabu watoto 94 kana kwamba kila mmoja alifundishwa peke yake chumbani. Hawa wamekula chungu kimoja: mwalimu mmoja, siku ile ile ya mvua ya bati iliyozima somo, kiranja yule yule mkorofi. Kuna hesabu ndogo, 1 + (m − 1) × r, ambapo m ni ukubwa wa darasa na r ni kiasi ambacho watoto wa darasa moja wanafanana. Chukua darasa la 47 na r ya 0.2, unapata 10.2. Gawa 94 kwa hiyo, unabaki na uzito wa watoto kama tisa. Na hata hiyo ni kwa kukopa r ya kwingine. Ukiwa na darasa moja kila upande, r huwezi kuipima kabisa, kwa sababu tofauti ya madarasa na tofauti ya mbinu ni namba ile ile moja.

---

JembeLaTakwimu

Mzee, kwa hesabu hiyo tasnifu zote za mikondo miwili zichomwe moto?

---

MzeeWaMizani

Zisichomwe, zisijidai. Muundo huu Campbell na Stanley waliueleza tangu 1963 na una kazi yake. Iripoti hiyo p ukitaka, jopo litaiulizia. Ila hoja yako isimame kwenye mambo ambayo darasa moja linaweza kuonyesha: pengo lilivyokuwa miezi mingi kabla, maswali gani yamepanda na yapi hayajapanda, na kama kuna chochote kilichovuja kutoka darasa moja kwenda jingine.

---

MwalimuWaZamu

Kuvuja? Hiyo shule ina hosteli au ni ya kutwa? Kama wana prepo ya usiku pamoja, huna makundi mawili wewe, una kundi moja na madaftari mawili. Nimekaa zamu miaka kumi na minne, hakuna kitu cha 2B ambacho 2A hawakijui kabla ya saa nne usiku.

---

MwlNjiaPanda

Kuna hosteli ya wasichana, na prepo wanachanganyika.

---

MwlNjiaPanda

(Siku nne baadaye) Wakuu, nimerudi. Mwalimu wa taaluma amenipa wastani wa mitihani mitatu ya fizikia. Katikati ya Kidato cha Kwanza, 2A walikuwa mbele kwa maksi 7 kwenye mia. Mwisho wa mwaka, mbele kwa 9. Mtihani wa mwezi wa tatu mwaka huu, mbele kwa 8. Halafu mtihani wangu wa kabla, nikiugeuza uwe wa mia, 2A mbele kwa 8.8. Wangu wa baada, 2B mbele kwa 3.6.

---

MzeeWaMizani

Mwalimu, umeiokoa kazi yako. Pengo limekaa kati ya 7 na 9 mara nne mfululizo, halafu limegeuka ndani ya wiki tatu. Hapo ile hofu ya "wangepanda wenyewe" inapungua sana, maana walikuwa na nafasi tatu za kupanda na hawakupanda. Na dhana ya kwamba pengo lingebaki lilivyo ina ushahidi, kwa hiyo 3.1 ina utetezi kuliko nilivyodhani mwanzo. Ankova yako pia ina udhaifu: kwenye maswali 25 yenye majibu manne, mtu asiyejua kitu anapata 6 na kidogo kwa kubahatisha. 2B walianza na 9.2. Sehemu kubwa ya alama zile za kabla ni bahati, na mtihani wenye bahati nyingi huifanya ankova isawazishe pungufu.

Chora mchoro mmoja wa mitihani mitano, mistari miwili. Weka namba zote tatu, useme kila moja inatarajia nini, kisha useme kwa nini wewe unaegemea upande gani. Mitihani ile mitatu si ya umeme, ilitungwa na walimu wa shule, hilo nalo liseme.

Sasa yatazame maswali moja moja.

---

MwlNjiaPanda

Nimekesha nayo. Maswali sita yalikuwa ya sakiti za glopu, karibu sana na zile tulizowasha darasani. Kumi na tisa mengine ni ya hesabu za ukinzani, vipimo, alama za sakiti na kadhalika.

Kwenye yale sita, kabla 2A walikuwa na 1.8 na 2B 1.5. Baada, 2A 2.4 na 2B 4.6. Kwenye yale kumi na tisa, kabla 2A 9.6 na 2B 7.7. Baada, 2A 12.8 na 2B 11.5.

Kwa hiyo kati ya ile 3.1, pointi 2.5 zimetoka kwenye maswali sita. Kwingine pengo limepungua kwa 0.6 tu. Nimevunjika moyo.

---

BintiWaPwani

Mbona mimi nimefurahi? Kama ni Kiswahili au ucheshi wako vilivyowapandisha, si wangepanda kwenye kila kitu? Wamepanda pale ulipowabishanisha.

---

MwalimuWaZamu

Au wamepanda pale ulipowaonyesha mtihani. Sakiti umeiwasha mbele yao, wiki mbili baadaye unawauliza sakiti ile ile. Hata mimi ningepata.

---

MzeeWaMizani

Wote wawili wanaweza kuwa sahihi, na kwa data hii huwezi kuwatenganisha. Binti, Kiswahili bado hakijatoka: walibishana kwa Kiswahili pale pale kwenye glopu. Ili kumjibu Mwalimu wa Zamu unahitaji sakiti ambayo hakuna aliyewahi kuiona.

---

FundiRedio

Hapo niacheni mimi. Chora glopu tatu mfululizo, halafu pitisha waya mtupu kutoka upande mmoja wa ile ya katikati kwenda upande wa pili. Uliza kila glopu itakuwaje. Jibu: ya katikati inazimika, zile mbili za pembeni zinaongeza mwanga. Anayeamini umeme unaliwa njiani hawezi kupata hiyo, atasema ya mwisho inazimika au zote zinapungua. Ya pili: glopu mbili sambamba kwenye betri, moja ikiungua, nyingine inakuwaje? Betri ikiwa nzima inabaki karibu vile vile. Ya tatu: amita mbili, moja kabla ya glopu na moja baada yake, ipi inasoma zaidi? Na waambie wachore na kuandika sababu, wasichague herufi. Wanafunzi wangu wa gereji wanafeli ya kwanza kila mwaka.

---

MwlNjiaPanda

Ya waya mtupu sikuigusa kabisa darasani. Asante sana mkuu, na samahani kwa kukucheka juzi.

Mzee, swali jingine. Mada inayofuata ni sumaku. Nimemwomba mwalimu wa kawaida afundishe mikondo yote miwili, safari hii 2A ndio wapate Tabiri-Tazama-Eleza na 2B wafundishwe kawaida. Mimi nikae nyuma na karatasi ya kutiki hatua. Amekubali, nimemfundisha mbinu kwa siku mbili. Je, itanifungulia ile kamba ya mwalimu na mbinu?

---

MzeeWaMizani

Inailegeza. Mwalimu atakuwa mmoja, na darasa lililokuwa bila mbinu sasa linayo, kwa hiyo mbinu ikipanda na darasa lolote linalopewa, hoja ya "2B wana kitu chao" inakufa. Lakini kuna mambo mawili. Sumaku si umeme, hivyo usijumlishe alama za mada mbili kana kwamba ni moja. Na 2B hawasahau walichozoea: umewafundisha kutabiri wiki tatu, watakaa kwenye kipindi cha kawaida wakitabiri kimoyomoyo. Hilo litapunguza tofauti, halitaiongeza. Kwenye karatasi yako ya kutiki weka pia nafasi ya kuandika lugha, kila dakika tano.

Na msimamizi wako mwambie kabla, si baada. Kubadilisha muundo katikati ya safari bila kumwambia kunaleta maneno.

---

JembeLaTakwimu

Mimi bado nasema Kiswahili ni sehemu ya mbinu.

---

BintiWaPwani

Na mimi bado nasema aiandike.

---

MwlNjiaPanda

(Wiki tatu baadaye) Wakuu, nadaiwa marejesho. Msimamizi amekubali sumaku iingie, ila amesema ankova ibaki kama uchambuzi mkuu kwa sababu ndiyo iliyoandikwa kwenye pendekezo. Ongezeko na mchoro wa mitihani mitano vitafuata chini yake. Sumaku haijaisha, mitihani ya muhula imetukata katikati.

Maswali matatu ya FundiRedio nimewapa mikondo yote, wiki ya sita tangu mada ya umeme iishe, bila kuwaambia mapema. 2B walipata wastani wa 1.4 kati ya 3, na 2A 0.9. Ile ya waya mtupu ndiyo iliyowatoa jasho wote, ila kwenye 2B ndipo walipo wengi waliosema za pembeni zitaongeza mwanga.

Lakini kuna jambo limeninyima usingizi. Darasani 2B niliwaambia mkondo ni kama mnyororo wa baiskeli: ukikanyaga, pingili zote zinasogea kwa pamoja, na hakuna pingili inayoliwa njiani. Mfano huo niliutunga mwenyewe, haumo kitabuni, na mwalimu wa 2A nimemuuliza hajawahi kuutumia. Nimesahihisha karatasi za 2A, kumi na moja kati ya 48 wameandika mnyororo wa baiskeli. Wengine wameuchora na pedeli.

---

MwalimuWaZamu

Saa nne usiku. Nilisema.

---

MzeeWaMizani

Usizifute karatasi hizo. Zihesabu, ziripoti, na linganisha alama zao na wenzao wa 2A ambao hawakuandika mnyororo. Kama hao kumi na moja ndio waliobeba ile 0.9, basi tofauti yako halisi ni kubwa kuliko inavyoonekana. Ila usiwahamishie kundi la 2B kwenye uchambuzi, huko ni kujichagulia matokeo. Na waulize waliupata wapi.

---

MwlNjiaPanda

Nimewauliza leo mchana. Tisa wamemtaja msichana mmoja wa 2B anayewafundisha wenzake bwenini baada ya prepo, kwa chaki aliyookota darasani kwangu. Wawili waliobaki wanaapa kwamba niliwafundisha mimi mwenyewe, na mimi darasani kwao sijawahi kuingia ila siku za mtihani.